Kuomba mada za kudurusu likizoni: mwombe mwalimu azimio la kazi

Swali: Shikamoo mwalimu. Mwanangu yuko Darasa la Tano hapa Kirumba. Hisabati inamsumbua, mtihani wa Machi amepata 34. Nataka nimsimamie likizo ya Juni, ila sijui wamefundishwa nini, na vitabu nilivyo navyo ni vya kaka yake wa Darasa la Saba. Nimefikiria kumwandikia mwalimu wake anipe muhtasari wa somo na mifano ya mada. Niandikeje bila kumkwaza, na akinipa nitautumiaje? Mimi nauza dagaa Mwaloni, shule niliishia la saba. (Mama wa Kirumba, Mwanza)

Jibu: Marahaba, mama. Ukiandika "naomba muhtasari", mwalimu atakupa muhtasari, na hautakufaa sana. Muhtasari wa somo hutolewa na Taasisi ya Elimu Tanzania, TET, na ni mmoja kwa nchi nzima. Ule wa Hisabati wa mtaala ulioboreshwa wa 2023 umebeba Darasa la Tatu hadi la Sita kwa pamoja. Humo kuna umahiri mkuu, umahiri mahususi, shughuli za ujifunzaji, vigezo vya upimaji na idadi ya vipindi. Hauna Januari wala Juni, na hauwezi kukuambia darasa la mwanao limefika wapi. Isitoshe, huo si wa kumwombea mwalimu: uko kwenye tovuti ya TET, www.tie.go.tz, na kijana yeyote wa stesheneri anaweza kukupakulia na kukutolea kurasa za Darasa la Tano peke yake.

Unachokihitaji ni azimio la kazi. Hili mwalimu analiandaa mwenyewe kutoka kwenye muhtasari, akigawa kazi ya mwaka kwa miezi na wiki, na kila sehemu akiipa idadi ya vipindi na kitabu cha rejea. Mwishoni kabisa pana safu ya maoni. Hapo ndipo mwalimu anapoandika kama kipengele kimefundishwa kikaeleweka, kimebaki kiporo, au kinahitaji kurudiwa. Kwa mzazi anayepanga kudurusu, safu hiyo moja ina thamani kuliko muhtasari mzima. Ndiyo maana pia sikushauri ununue maazimio yanayouzwa au kusambazwa kwenye makundi ya simu. Yamejazwa miezi na wiki vizuri tu, lakini safu ya maoni iko tupu, kwa sababu hakuna darasa lililofundishwa kwa kuyafuata.

Kabla ya barua, tumalize habari ya vitabu vya kaka yake. Mtaala ulioboreshwa ulianza Januari 2024 kwa awamu, na Darasa la Tatu la mwaka huo lilikuwamo. Watoto hao watamaliza shule ya msingi wakiwa Darasa la Sita mwaka 2027, mwaka uleule ambao kundi la mwisho la mtaala wa zamani litamaliza Darasa la Saba. Kwa hiyo ndani ya nyumba moja wadogo na wakubwa wanaweza kuwa wanasoma mitaala miwili. Njia rahisi ya kujua ni kusoma majalada ya madaftari. Ukiona "Maarifa ya Jamii" au "Sayansi na Teknolojia", huo ni wa zamani. Ukiona "Jiografia na Mazingira" au "Historia ya Tanzania na Maadili", huo ni mpya. Kama mdogo yuko kwenye mpya, kitabu cha kaka yake kinaweza kumpa zoezi la ziada la kujumlisha sehemu, basi. Usikitumie kupanga nini kitangulie nini.

Sasa barua. Mpelekee mwalimu wa somo, lakini ipite kwa mwalimu mkuu. Usiikwepe hatua hii ukidhani ni urasimu. Azimio ni kumbukumbu ya kazi ambayo mwalimu wa taaluma na mwalimu mkuu huikagua, na wathibiti ubora wa shule wakifika huiulizia. Mwalimu akiombwa kimyakimya na mzazi atasita, na si kosa lake. Ikipitia juu, anajua ana ruhusa ya kukuonyesha. Mimi ningeandika hivi:

S.L.P. .........,
Mwanza.
12 Mei, 20....

Mwalimu wa Hisabati, Darasa la Tano B,
Shule ya Msingi .........,
S.L.P. ........., Mwanza.

KUPITIA: Mwalimu Mkuu

YAH: KUOMBA MADA ZA HISABATI ZA MUHULA WA KWANZA KWA AJILI YA KUDURUSU NYUMBANI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mzazi wa ........., mwanafunzi wa Darasa la Tano B. Katika mtihani wa Machi alipata 34 katika Hisabati. Ningependa adurusu nyumbani likizo ya Juni kwa kufuata yale uliyowafundisha.

Naomba unisaidie mambo matatu. Kwanza, vipengele vya azimio lako la kazi kuanzia Januari hadi mtakapofunga, na mahali darasa litakapokuwa limefika. Pili, vipengele viwili ambavyo kwa maoni yako mwanangu amepwaya zaidi. Tatu, maswali mawili ya mfano kwa kila kimoja kati ya hivyo viwili; hata yaliyokwisha kutumika katika majaribio yanatosha.

Ili nisikuongezee kazi, niko tayari kuja shuleni na daftari ninakili mwenyewe, siku na saa utakayonipangia.

Natanguliza shukrani.

(Sahihi, jina na namba ya simu)

Umeona sikuandika "nataka kujua kwa nini hamjamaliza mada". Sentensi ya namna hiyo inamgeuza mzazi kuwa mkaguzi, na utakachopata ni orodha safi inayoonyesha kila kitu kimefundishwa. Vipengele vimewekewa kikomo cha viwili kwa sababu mwalimu mwenye watoto mia darasani hana nafasi ya kukuandikia tathmini ya ukurasa mzima, lakini viwili atavitaja hata akiwa amesimama. Na maswali ya mfano ni muhimu kuliko majina ya mada. Jina "asilimia" halikuambii kina. Swali linakuambia.

Tuchukulie amekujibu kwamba mwanao amepwaya kwenye asilimia, hasa faida na hasara. Rudi kwenye muhtasari uliotolewa kopi, tafuta umahiri unaohusu asilimia, kisha soma safu ya vigezo vya upimaji iliyo mbele yake. Kigezo kinasema mtoto aweze kufanya nini ili ahesabiwe kuwa ameelewa. Kiweke kando ya maswali ya mfano ya mwalimu, na hapo una kipimo cha kutungia maswali yako mwenyewe kwa biashara unayoijua.

Mpe hili: "Mama amenunua ndoo ya dagaa kwa shilingi 20,000, akaiuza kwa shilingi 25,000. Faida yake ni asilimia ngapi?" Faida ni shilingi 5,000. Unaigawa kwa bei ya kununulia, 20,000, unazidisha kwa 100, unapata asilimia 25. Akikuletea jibu hilo, badilisha namba umpe lingine. Akikuletea asilimia 20, usimwambie tu kwamba amekosa. Jibu hilo lina chanzo: amegawa 5,000 kwa 25,000, yaani kwa bei ya kuuzia. Kutoa anajua, kugawa anajua, asilimia pia anaijua. Kinachompiga chenga ni kwamba faida hupimwa juu ya mtaji. Muulize, "Pesa iliyotoka mfukoni mwangu ilikuwa ngapi?" Mwenyewe atarudi kwenye 20,000.

Akileta 5,000 akaishia hapo, tatizo ni jingine. Amepata faida kwa shilingi, ila hajui kuigeuza kuwa sehemu ya mia. Huyo mrudishe kwenye kubadili sehemu kuwa asilimia: robo ni ngapi, nusu ni ngapi, moja ya tano ni ngapi. Dagaa watamsubiri siku mbili tatu. Na akileta namba isiyoelezeka, mwambie aifanye upya mbele yako akisema kwa sauti anachokifanya. Mara nyingi utagundua kasoro iko kwenye kugawanya, na kugawanya ni kazi ya madarasa ya chini.

Kuna kishawishi nataka ukiepuke. Mtoto akianza kupata, wazazi hupenda kumpandisha: "Nimeuza ndoo kwa 24,000 nikapata faida ya asilimia 20, niliinunua kwa ngapi?" Jibu ni 20,000, ila watoto wengi huchukua asilimia 20 ya 24,000, wakaitoa kwenye 24,000 na kuandika 19,200, na ndugu zangu watu wazima hukosea hapohapo sokoni. Kama kigezo cha muhtasari na maswali ya mwalimu hayajaonyesha swali la kurudi nyuma kama hili, liache. Utamvunja moyo kwa kitu ambacho darasa lake halijafikishwa. Vivyo hivyo na vijitabu vya mitihani iliyopita vinavyouzwa mjini. Mingi ni ya Darasa la Nne na la Saba, kwa kuwa ndiko Baraza la Mitihani linakopima kitaifa. Darasa la Tano halina karatasi yake hapo.

Upangaji wa likizo wenyewe usikuumize kichwa. Wiki mbili za kwanza zipe vipengele viwili alivyovitaja mwalimu, kila siku maswali matano hivi, matatu ya jana na mawili mapya. Yale matatu ya jana ndiyo yatakayokuonyesha kama kitu kimekaa au aliotea. Wiki zilizobaki pita kwenye vipengele vingine vya azimio kwa kasi, na popote atakapokwama weka alama kwenye daftari lako. Kipengele ambacho mwalimu amekiandikia kwamba hakijakamilika usijitie kukifundisha upya. Kitamalizwa Julai, na mtoto akifundishwa njia mbili tofauti ndani ya mwezi mmoja huchanganyikiwa.

Kuhusu muda, barua ifike katikati ya Mei. Kuelekea kufunga shule walimu wanasahihisha na kujaza ripoti, na barua yako itakaa chini ya rundo hadi Julai. Wiki ikipita bila jibu, usiandike nyingine. Nenda siku ya kawaida baada ya vipindi, ukiwa na daftari, na umwombe pia akuonyeshe karatasi ya Machi ya mwanao iliyosahihishwa. Nakili maswali aliyokosa pamoja na majibu aliyoandika, hata yale ya ovyo. Hayo ndiyo utakayoanza nayo Jumatatu ya kwanza ya likizo.