Kasbu kwa Ashari na Maturidi: mkono unaotetemeka na mkono unaoinua kikombe

"Wakuu, Ashari na Maturidi wote twaambiwa ni Ahlu Sunna. Sasa kwenye matendo ya mja wanatofautiana wapi hasa? Hiyo kasbu ni nini, na akili wanaipa kazi gani?"

Assalamu alaykum ndugu yangu. Mimi nilianza kwa Ashari, katika darsa za msikitini Mombasa kama Washafii wengi wa pwani, kisha nikakaa miaka minne Uturuki kwa Wahanafi, ambao kwenye itikadi wanamfuata Maturidi. Suala hili limenikosesha usingizi pande zote mbili, kwa hiyo nakueleza kama nilivyolipitia.

Sheikh aliyetusomesha Jawhara, shairi la itikadi ya Ashari, alikuwa mzee, na mkono wake wa kulia ulikuwa ukitetemeka kwa maradhi. Tulipofika kwenye kasbu aliunyoosha mbele yetu, tukautazama ukitikisika. Akauliza, "Huku kutetemeka nimekutaka mimi?" Tukasema la, sheikh. Akachukua kikombe cha kahawa kwa mkono wa kushoto, akakiinua hadi mdomoni. "Na huku?" Kisha akanyamaza, akanywa.

Hiyo ni hoja kongwe ya Ashari. Kila mtu anaiona tofauti ya miondoko hiyo miwili ndani ya nafsi yake, bila kuhitaji dalili. Jabriya ndio wanaosema hakuna tofauti, kwamba mtu ni kama unyoya kwenye upepo. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "Ashari ni Jabriya tu", muulize kuhusu mkono unaotetemeka. Asipoijua hoja hiyo, hajawasoma.

Madhehebu zote mbili zinakubaliana kwamba muumba wa kitendo ni Allah peke yake. Wanaishika aya ya Surat As-Saffat, 37:96, kwamba Allah amewaumba nyinyi na mnayoyafanya, na wanawakataa Muutazila wanaosema mja ndiye anayeumba matendo yake. Tofauti inaanza ukiuliza: ule uwezo uliokuwa katika mkono wa kushoto wa sheikh, ulifanya kazi gani?

Ashari wanajibu: haukuleta athari. Unapokusudia kuinua kikombe, Allah anaumba ndani yako uwezo, na papo hapo anaumba mwondoko wenyewe. Uwezo wako umeambatana na kitendo, wala si ulioleta kitendo. Kule kuambatana ndiko kasbu. Laqani wa Misri, mwenye Jawhara, aliyefariki 1631, ameliweka hili wazi: mja ana kasbu ambayo kwayo anakalifishwa, lakini haina athari.

Nakumbuka mwenzetu mmoja aliuliza, "Na lile kusudio, sheikh, nalo limeumbwa?" Limeumbwa. "Basi naadhibiwa kwa lipi?" Jibu la Ashari halipindi kona: dhulma ni kutumia mali ya mwingine bila haki, na hakuna kilicho nje ya milki ya Allah, kwa hiyo lolote alifanyalo si dhulma. Ni jibu lenye uzito, lakini linakubakisha na swali la kasbu ina nini ndani yake. Ndiyo maana wanazuoni walikuwa na msemo kwamba jambo fulani "ni jembamba kuliko kasbu ya Ashari".

Na Ashari wenyewe walilihisi. Baqillani, aliyefariki 1013, ananasibishiwa mfano wa kumpiga yatima kofi. Mtu akimpiga kwa kumtia adabu ni twaa, akimpiga kwa kumuudhi ni maasi, na kofi ni lile lile. Akasema dhati ya kofi inatokana na uwezo wa Allah, ama kuwa kwake twaa au maasi ndiko kunakotokana na uwezo wa mja. Rai hiyo inamsogeza karibu sana na jirani zake Maturidi wa Samarkand. Lakini iliyoenea baadaye katika vitabu vya kufundishia, vikiwemo vyetu huku pwani, ni ile ya Laqani.

Sasa njoo kwa Maturidi, aliyefia Samarkand mwaka 944. Kwake kitendo ni kimoja chenye pande mbili: upande wa kuumbwa ni wa Allah, upande wa kuchumwa ni wa mja, na mja ni mtendaji kwelikweli. Waliokuja baada yake walichimba zaidi. Sadru Sharia wa Bukhara, aliyefariki karibu 1346, alijiuliza mja anachangia nini kisichomfanya kuwa muumba wa pili. Akasema ni kule kuelekeza tu, kuigeuza irada upande huu badala ya ule. Kugeuza huko si kitu chenye kuwepo kwake chenyewe, na kuumba kunahusu vitu vilivyopo. Basi hakukuumbwa, na kugeuza huko hakuna muumba wake.

Uturuki wanaiita irada ya sehemu, na watoto wanaisoma katika vitabu vya mwanzo vya dini. Niliyekuwa naishi naye chumba kimoja alinifafanulia kwa swichi ya taa. Wewe unabonyeza, umeme si wako. Nikamwambia mfano wako umevuja, kwa sababu kubonyeza nako ni kitendo. Akakubali, akasema tuseme kule kuamua kubonyeza.

Rudi kwenye kikombe uone njia zinapoachana. Kwa Maturidi, uwezo alionao sheikh unafaa kuinua na unafaa kuacha. Yeye anauelekeza kwenye kuinua, na Allah anaumba kuinuka. Kwa Ashari, uwezo ulioumbwa kwa kuinua ni wa kuinua tu, haufai kingine. Hapo Ashari wanapinga: ni nani aliyeegemeza huko kuelekeza upande mmoja? Ikiwa hakuna, jambo limetokea bila sababu. Maturidi wanarudisha: kazi ya irada ni hiyo hasa, kuchagua kati ya viwili vilivyo sawa, nanyi mnakubali hivyo kwa irada ya Allah. Wapo wanaosema hii ni tofauti ya maneno tu. Mimi sikubali. Swali la kama kuna chembe ya kitendo changu isiyoumbwa si suala la maneno.

Kwenye akili, Ashari wanasema wema na ubaya wenye thawabu na adhabu haujulikani ila kwa sheria. Maturidi wanasema akili inaweza kuujua ubaya wa baadhi ya mambo, kama dhulma na kumkanusha Muumba, kabla ya mtume kuja. Wengine wakawatuhumu kuwa ni Muutazila, na tuhuma hiyo si sahihi. Kwa Muutazila akili ndiyo inayowajibisha. Kwa Maturidi anayewajibisha ni Allah, na akili ni chombo cha kujulia.

Tulikuwa na mwenzetu ambaye babu wa babu yake alifia bara bila kusikia habari za Uislamu, na swali hili lilimuuma. Ashari wanamjibu kwa Surat Al-Israa, 17:15, kwamba Allah haadhibu mpaka alete mtume: babu hana dhima, hata ya kumjua Mungu. Wanazuoni wa Samarkand wanasema hakuwajibika kuswali wala kufunga, kwani hayo hayajulikani kwa akili, ila akipata muda wa kutosha kutafakari mbingu na nafsi yake, ilimpasa kujua kwamba ana Muumba. Ile aya wanaielekeza kwenye adhabu ya duniani, au kwenye hukumu za sheria.

Lakini Wahanafi wengi wa Bukhara waliwaacha wenzao wa Samarkand hapo, wakasema kama Ashari. Kwa hiyo ukiambiwa "Maturidi wanasema babu ataulizwa", uliza kwanza: Maturidi wa mji gani?