Kwa mnaoanza kazi ya makadirio ya mauzo: toa msimu kwanza, ndo uchore mstari

Wengi mkipewa data ya mauzo ya miezi 36 kitu cha kwanza ni kuiweka Eksel, kuchora grafu, kubonyeza ile ya kuongeza mstari wa mwelekeo, kisha mnazidisha na indeksi za msimu mlizozitafuta pembeni, mnampelekea bosi. Inapendeza kwa macho ila namba zinatoka kubwa kupita kiasi, na sababu ni mpangilio wa hatua tu.

Tuchukue mfano wa bidhaa moja ambayo Januari mpaka Machi inalala, katikati ya mwaka iko kawaida, Novemba inaamka na Desemba inalipuka, miaka yote mitatu. Sasa angalia hiyo data ilivyokaa: inaanza na Januari dhaifu na inaishia na Desemba kali. Mstari ukiupitisha kwenye mauzo ghafi, ule mwanzo wa chini na ule mwisho wa juu vinauinamisha, yani unahesabu msimu kama ukuaji. Halafu ukija kuzidisha na indeksi ya Desemba unakuwa umehesabu msimu mara mbili.

Kwa hiyo tunaanza na msimu. Panga data safu A namba ya mwezi 1 mpaka 36, safu B mauzo, kuanzia mstari wa 2 wa shiti. Unatafuta wastani unaosogea wa miezi 12, ili kila mwezi wa mwaka uwemo na msimu ujifute wenyewe. Tatizo la 12 ni kwamba katikati yake inaangukia kati ya miezi miwili, ndo maana tunachukua miezi 13 lakini wa kwanza na wa mwisho tunawapa nusu nusu. Kwenye mstari wa shiti wenye Julai ya mwaka wa kwanza (mwezi wa 7) fomula ni hii, ukimaliza iburuze mpaka mwezi wa 30:

```
=(B2/2+SUM(B3:B13)+B14/2)/12
```

Miezi 6 ya mwanzo na 6 ya mwisho haipati wastani, usihangaike kuijaza. Zinabaki 24, gawanya mauzo ya kila mwezi kwa wastani wake, unapata uwiano 24, yani kila mwezi wa kalenda una uwiano miwili tu. Hapo ndo mtu anashangaa, miaka mitatu ya data afu kila mwezi una ushahidi wa mara mbili! Ndo hivyo, na ndo maana hiyo miwili lazima uitazame kwa jicho kabla ya kuichanganya.

Desemba yetu: mwaka wa kwanza iliuza 656 na wastani wake ni 460, uwiano 1.426. Mwaka wa pili 722 kwa wastani wa 520, uwiano 1.388. Zinakaribiana, vizuri, wastani wake 1.407. Lakini ukikuta Juni moja ina 0.72 na nyingine 1.01 usiweke 0.865 ukaendelea na maisha, nenda kaulize kilichotokea. Mara nyingi utaambiwa stoki iliisha wiki mbili, hivyo ile 0.72 haielezi wateja wa Juni, inaelezea ghala tupu. Rekebisha mauzo ya huo mwezi kwa makadirio ya kile ambacho kingeuzwa, uandike pembeni kwamba umerekebisha, kisha urudie wastani wote maana mwezi mmoja mbovu unaingia kwenye wastani wa miezi 13. Promosheni kubwa ya mara moja inafanya kinyume, inavimbisha. Na sikukuu zinazohama, Idi inarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka na Pasaka inarukaruka kati ya Machi na Aprili, hizo indeksi ya mwezi haiwezi kuzishika yenyewe, utazirekebisha kwa mkono.

Ukishapata wastani wa uwiano wa kila mwezi, hizo ndo indeksi za msimu, jumlisha zote 12. Zinatakiwa ziwe 12 kamili. Zetu tuseme zimetoka 12.06, basi kila moja zidisha kwa 12/12.06, Desemba inashuka hadi 1.40. Zingine baada ya kusahihisha: Januari 0.85, Februari 0.80, Novemba 1.10, katikati ya mwaka zinazunguka 1 hivi.

Sasa rudi kwenye mauzo yote 36, hata yale ya pembeni yaliyokosa wastani, gawanya kila moja kwa indeksi ya mwezi wake, weka safu E. Haya ndo mauzo yaliyotolewa msimu na mstari unachorwa hapa:

```
=SLOPE(E2:E37,A2:A37)
=INTERCEPT(E2:E37,A2:A37)
```

Kwa mfano wetu mteremko ni 5 kwa mwezi na mwanzo ni 400. Desemba ya mwisho iliuza 812 wakati Novemba yake ilikuwa 632, watu wa mauzo walifurahi sana, ila ukigawanya kwa indeksi unapata 580 na karibu 575, yani biashara imekua kwa vipande 5 vilevile vya siku zote. Ukijua hivyo hutashtuka Januari inayofuata, mwezi wa 37, ikitoka (400 + 5 × 37) × 0.85, kama 497. Kutoka 812 kwenda 497 na hakuna kilichoharibika.

Desemba ya mwaka ujao ni mwezi wa 48: 400 + 240 = 640, mara 1.40, tunapata 896. Mwaka mzima unajumlika kama 7,375. Yule aliyechora mstari kwenye mauzo ghafi yeye mteremko wake umetoka karibu 6.9 badala ya 5, Desemba anaipa kama 976 na mwaka mzima karibu 7,950. Tofauti ya vipande 575 hivi, na hiyo ni stoki ambayo mtu atainunua kwa hela kweli halafu ibaki imekaa.

Kabla hujatuma, chora safu E pamoja na mstari wake. Unachotaka kuona ni nukta zinazoruka juu na chini bila mpango. Ukikuta miezi saba nane ya mwisho yote iko chini ya mstari, ukuaji umepungua na mstari mnyoofu hautakwambia, utaendelea kupanda kwa 5 zilezile hadi mwezi wa 48 kama vile hakuna kilichobadilika. Mimi hapo huwa nabakiza indeksi kama zilivyo ila mteremko nauchukua wa miezi 18 ya mwisho, na nampelekea bosi namba zote mbili na sababu. Na ukikuta mwezi huohuo unakosea upande uleule miaka yote mitatu, hapo kosa liko kwenye indeksi, mstari uuache.

Mwaka ukianza, kila mwezi gawanya mauzo halisi kwa indeksi uone yameangukia wapi kwenye mstari. Mwezi mmoja ukikosea kwa asilimia 6 usiguse kitu, mitatu mfululizo upande mmoja ndo ufungue shiti upya.