Jina jipya, Lipa Namba mpya, na mama wa Mafinga

Swali la wiki: “Ukurasa wako wa biashara umeshazoeleka. Unabadilije jina na nembo bila kupoteza wafuasi?”

Wafuasi wasimpe mtu shida. Akaunti ikiwa ileile, ukabadili jina na picha, wale waliokufuata wanabaki palepale. Mimi nilibadili usiku mmoja, asubuhi idadi haikupungua hata kidogo, nikaridhika. Anayepotea ni mteja anayekulipa, na wengi wa hao hata hawajakufuata.

Ninauza mchele wa Kyela hapa Mwanjelwa. Jina la kwanza lilikuwa na neno “mchele” ndani yake, na nembo ilikuwa ungo wenye mchele juu ya rangi nyekundu. Nilipoanza kuuza maharage na dona jina likanibana. Nikasajili jina jipya BRELA, nikachukua Lipa Namba mpya kwa jina hilo, nikatengenezewa nembo ya jani la kijani. Kisha vyote nikavibadili kwa siku moja: jina linaloonekana Instagram, jina la kutafutia lenye @, picha ya WhatsApp, na namba ya malipo.

Kuna mama mmoja Mafinga anapikia wanafunzi. Kila mwezi alichukua viroba vinne vya kilo 25, naviweka kwenye basi, anavipokea stendi. Wiki ile nilimtumia bei na Lipa Namba mpya, bila maelezo, kisha nikapanda gari kwenda Kyela kufuata mzigo. Simu ikazima njiani.

Yeye akaona picha ya jani mahali pa ungo. Akachukua kiroba kitupu jikoni, akaandika Instagram lile jina lenye @ lililochapwa chini ya kiroba. Hakukuta kitu, maana ukibadili jina la kutafutia, anwani ya zamani haimpeleki mtu kwenye ile mpya. Akajaribu kulipa. Alipoingiza namba na kiasi, kabla ya namba ya siri, likatokea jina asilolijua. Akasitisha. Akanipigia, sipatikani.

Nani angemlaumu? Tumefundishwa na wale wa “ile pesa tuma kwenye namba hii”: jina likiwa geni, simamisha. Kesho yake nikampigia, “Shikamoo mama, mbona kimya?” Akasema, “Marahaba mwanangu. Nimeona umeibiwa simu. Hela ya watoto wa watu siwezi kuibahatisha.” Mchele alikuwa ameshanunua sokoni kwao. Miezi miwili iliyofuata pia alinunua hukohuko.

Ningejua mapema kama ningeangalia mahali panapofaa. Nilikuwa nahesabu wafuasi, wakati kwenye WhatsApp watu wanauliza “hii ni ile ya ungo?” na wateja wa kila mwezi wako kimya.

Nilipoanza kuandika nilitaka kuwaambia msibadili kabisa. Lakini siwezi kusema hivyo, maana maharage sasa yananilipia kodi ya stoo, na kwa jina la zamani hakuna aliyekuwa akiyauliza. Basi badili, ila usibadili kila kitu pamoja, na anza na watu wanaolipa. Wapigie au watumie sauti yako, siyo tangazo, sauti wanaijua. Lipa Namba ya zamani iache ifanye kazi mpaka wamelizoea jina jipya, na unapotuma namba mpya andika pembeni jina litakalotokea.

Kwenye Instagram badili kwanza jina linaloonekana, uweke jipya na neno “zamani” pamoja na lile la awali, maana watu hutafuta hata kwa jina hilo. Pima kabla ya kugusa: ndani ya siku 14 unaruhusiwa kulibadili mara mbili tu. Jina lenye @ liwe la mwisho kabisa. Ukishaliacha, kwa kawaida una siku 14 za kulirudia. Baada ya hapo mtu mwingine anaweza kulichukua, na viroba vyako bado vinamtangaza yeye. Nembo nayo ibaki na kitu cha zamani. Mimi nimeurudisha ungo, sasa uko ndani ya lile jani.

Haya ni ya biashara yenye mzigo na wateja wa kurudia kama yangu. Anayeuza nguo kwa wapita njia huenda asihitaji hata nusu yake. Na kama jina lako halikubani, umechoka nalo tu, mimi bado nasema liache.

Mama wa Mafinga amerudi, ila analipa kwa namba ya zamani. Sijamwambia aihame.