Usiguse kikomo, tazama n inakwenda wapi

*"Wakuu, funksheni yangu inajumlisha namba kwa kuruka mbili mbili kutoka n hadi 0. Nikiweka 10 napata 30, nikiweka 7 inaleta RecursionError. Jamaa kaniambia niongeze kikomo hadi milioni kwa sys.setrecursionlimit. Ni sawa?"*

```python
def jumla(n):
    if n == 0:
        return 0
    return n + jumla(n - 2)
```

Mkuu, usiguse hicho kikomo! Huyo jamaa anakupeleka palepale nilipopoteza asaimenti nzima mwaka wa kwanza.

Sisi tuliambiwa tuandike funksheni inayohesabu namba inagawanywa kwa mbili mara ngapi hadi ifike 1. Niliandika hivi:

```python
def hatua(n):
    if n == 1:
        return 0
    return 1 + hatua(n // 2)
```

Nikajaribu 8, nikapata 3. Nikajaribu 100: ikaenda 50, 25, 12, 6, 3, 1, jibu 6. Hata 7 ilipita. Usiku wa kuamkia kukusanya nikaweka 0, ikatoka `RecursionError: maximum recursion depth exceeded`. Nikamuuliza kaka mmoja wa mwaka wa tatu, mtu aliyeheshimika pale maabara. Hakuiangalia kodi hata sekunde moja. Akasema, "Python inakunyima nafasi tu, iongezee." Nikaweka milioni.

Kikomo cha kawaida cha Python ni 1000. Kipo ili funksheni isiyosimama ikamatwe mapema, ikupe ujumbe unaosomeka. Nilipokiondoa, ile Python 3.8 ya maabara iliendelea kujiita hadi ikamaliza staki ya mfumo wa uendeshaji, na programu ikafa kwa `Segmentation fault`. Hapo `try` na `except` haziokoi kitu, mchakato mzima umekufa. Mashine ya kusahihisha ilikuwa inaendesha maswali yangu sita kwa mkupuo mmoja, na swali hili lilikuwa la pili. Manne yaliyofuata, ambayo niliyafanya sawasawa, hayakuguswa. Na mtu asiniambie "nani atakayegawanya sifuri?" Mashine ya kusahihisha haina haya, inaanza na sifuri. Mpaka leo nikikumbuka lile jibu la "iongezee" damu inachemka.

Sasa tazama kilichokuwa kinatokea: `0 // 2` ni 0. Namba haikusogea hata kidogo. Hasi nazo hivyohivyo: -5 inakuwa -3, kisha -2, kisha -1, na `-1 // 2` ni -1 tena, kwa sababu Python hukadiria kwenda chini. Ungeipa kikomo cha bilioni, bado ingekuwa imekaa palepale.

Kwa nini namba kuanzia 1 zote zilisimama? Kwa sababu n ikiwa 2 au zaidi, nusu yake ni ndogo kuliko n lakini haipungui 1. Inashuka kila mara, na haiwezi kuruka mlango, yaani lile sharti la `if` linaloisimamisha. Hayo mawili ndiyo ninayoandika kwenye karatasi kabla ya kuandika funksheni yoyote inayojiita: kitu gani kinashuka kila mwito, na je, kinaweza kuupita mlango bila kukamatwa?

Yako inashuka vizuri, ila inaupita mlango. 7, 5, 3, 1, halafu -1. Sifuri imeshapitwa, inaendelea -3, -5, na `n == 0` haitakuwa kweli tena. Weka `if n <= 0:` na -1 itakamatwa, jibu la 7 litakuwa 16. Ila sasa ukiipa -4 itakupa 0 kimyakimya, kwa hiyo amua kama hilo ndilo mwalimu analotaka. Yangu niliirekebisha kwa kutupa `ValueError` n ikiwa chini ya 1, maana sifuri haina jibu pale.

Kuna wakati kuongeza kikomo ni halali. Ukishaweka huo mlango, `jumla(5000)` itajiita kama mara 2500 na itagonga 1000 ingawa njia yake ni sahihi. Hapo kikomo cha 3000 kinatosha, milioni ya nini? Tatizo ni kwamba ujumbe wa kosa ni uleule kwa hali zote mbili. Kuzitofautisha, weka `print(n)` kama mstari wa kwanza ndani ya funksheni, kabla ya `if`, endesha kwa namba ndogo, usome mistari kumi ya mwanzo. Namba ikijirudia, haishuki. Ikiwa hasi ilhali unaisubiri kwenye sifuri, imeruka.

Fanya hivyo kwa 7 na kwa 0, kisha bandika hapa ulichokiona kabla hujakusanya.