Der, den au dem?

"Kwa Kijerumani, mbona "mwanamume ninayemjua" ni *der Mann, den ich kenne*? Si Mann ni *der*?"

Ndugu aliyejibu kwamba kiwakilishi hufuata nomino kapatia nusu. Mann anakupa jinsia na umoja tu, lakini kesi inatoka ndani ya kishazi chenyewe, yaani *den ich kenne*. Kigeuze kiwe sentensi kamili uone: *ich kenne ihn*. Hapo *ihn* ni akuzativi, basi *den*. Ukisema *er wohnt hier*, unapata *der Mann, der hier wohnt*. Na hata uanze na *Ich sehe den Mann*, bado ni *der hier wohnt*, maana kitenzi *sehe* kiko nje.

Sisi hutuchanganya kwa sababu "anayeishi" na "ninayemjua" zote zina -ye- ileile.

Dada uliyeandika *der Mann, den ich helfe*: *helfen* hudai dativi, *ich helfe ihm*, kwa hiyo *dem*. Kwa wingi ni *denen*: *die Leute, denen ich helfe*. Hapo wengi huandika *den* kama kwenye *den Leuten*.

Aliyeuliza kuhusu *alles, was*, hilo ni suala jingine; anayelijua vizuri amsaidie.