Senene na nyama: tunapima gramu mia za nini?

Rafiki yangu anadai senene wana protini mara mbili ya nyama ya ng'ombe. Kweli? (Msomaji, Muleba)

Namba zake ni za kweli, ila mizani yake ina hila. Senene waliokaushwa kabisa wana protini kama gramu 44 kwa kila gramu 100. Nyama mbichi isiyo na mafuta ina kama 21. Lakini hiyo nyama ni maji karibu gramu 70, na senene wake wameshakaushwa.

Tupime upya. Chukua gramu 100 za senene wabichi, wametoka kunyonyolewa mbawa na miguu. Maji ni kama gramu 68, zinabaki 32. Asilimia 44 ya 32 ni gramu 14. Kwa hiyo mbichi kwa mbichi ni 14 dhidi ya 21. Ukiikausha nyama nayo, zile gramu 30 zinazobaki zina protini 21, yaani kama 70 kwa kila 100. Nyama inashinda pande zote mbili.

Sasa kama si protini, senene wamejaa nini? (Mama wa Bukoba)

Mafuta, mama. Kwenye gramu 100 za senene wakavu, mafuta yanafika kama 46. Ndiyo maana unawakaanga bila kuongeza hata kijiko cha mafuta, wanajikaanga wenyewe. Mafuta hayo hayo ndiyo huwafanya wachache wakushibishe, na ndiyo huwaharibu: wakikaa wazi kwenye hewa na joto huanza kunuka uchachu kama mafuta ya zamani. Wakifika hapo usiwarudishe kikaangoni, watupe.

Na kumbikumbi je?

Hawaachani sana na senene: wabichi ni kama gramu 14 za protini, na wakikauka nao ni mafuta mengi.

Nimesikia protini ya wadudu huhesabiwa kupita kiasi. Ni wivu wa wauza nyama?

Hapana, ni hesabu ya maabara. Kwa kawaida maabara haipimi protini yenyewe. Hupima nitrojeni, kisha huzidisha kwa 6.25. Kwa nyama kipimo hicho kinafaa. Gamba la mdudu, hata hivyo, lina kitini, na kitini kina nitrojeni ingawa si protini. Watafiti waliochunguza wadudu kadhaa walipendekeza kuzidisha kwa 4.76. Tukitumia namba hiyo kwa senene, ile 44 inashuka hadi kama 33. Senene hawakuwa kati ya wadudu waliochunguzwa, kwa hiyo ichukue kama makadirio tu. Hata hivyo 33 si haba. Maharage makavu yana kama 22.

Nikila kamba navimba midomo. Senene naweza?

Usijaribu nyumbani. Protini inayowasumbua wengi wanaodhurika na kamba, tropomiosini, ipo pia kwa wadudu, na kukaanga hakuiondoi. Muone daktari kwanza.