Re: ADHD au usonji?

"Mwanangu wa miaka 7, mwalimu anasema ana ADHD ila kwenye katuni anakaa masaa mawili katulia tuli. Shangazi yake anasema ni usonji. Nimsikilize nani?"

Dada, hiyo ya katuni isikudanganye. Mwenye ADHD umakini anao, shida ni kuupeleka pale panapotakiwa, katuni inabadilika kila sekunde inamshika yenyewe ila hesabu hazimshiki. Daktari atauliza kama dalili zimedumu miezi 6 au zaidi, zilianza kabla ya miaka 12, na kama zipo shule na nyumbani pia. Zikionekana kwa huyo mwalimu tu, anzeni na kupima masikio na kuangalia usingizi wake.

Usonji sasa, mtazame akicheza na wenzake. Wa ADHD anajua zamu ni ya nani ila kusubiri kunamshinda anadakia tu, wa usonji mara nyingi hizo ishara za wenzake hazisomi kabisa, halafu lazima pia kuwe na mambo ya kujirudia, mfano anapanga vifuniko vya soda mstari mmoja ukigusa kimoja ni kilio, au sauti ya blenda inamtesa. Na mtoto kuongea vizuri hakufuti usonji, watu wengi wanakosea hapo (chanjo nazo hazihusiki, kabla hujaambiwa).

Ila mbona mnachagua? Zamani DSM, mwongozo wanaotumia madaktari kutambua hali kama hizi, ulikataza kuandika vyote kwa mtu mmoja, toka toleo la 2013 inaruhusiwa, na watoto wenye vyote viwili wako wengi tu. Mwambie daktari apime vyote.